Ukurasa Mmoja wa Kwanza: Jinsi Kikundi Kidogo Kinavyojitambulisha kwa Mfadhili

Haya ni mazungumzo ya ofisa wa habari wa kaunti na viongozi wa vikundi vya kijamii. Yamechapishwa hapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kutuma mjumbe.



Nimeombwa niseme juu ya kuandika maombi ya ufadhili. Nitalipunguza jambo hilo kidogo, kwa sababu maombi kamili yenye kurasa ishirini ni kazi ya siku nyingine. Leo nataka tuzungumze juu ya ule ukurasa mmoja unaotangulia, yaani barua ya kwanza kabisa ambayo kikundi kinampelekea mtu asiyekijua. Vikundi vingi huishia hapo. Barua hutumwa, kimya kinafuata, na wanachama wanaanza kusema kwamba wafadhili wana wenyewe. Mara nyingine ni kweli kuna kujuana. Mara nyingi zaidi, barua yenyewe haikumpa msomaji kitu cha kushika.

Tuanze na huyo msomaji. Barua yako inafika kwa ofisa wa miradi katika shirika fulani Nairobi au Mombasa. Mezani ana barua nyingine nyingi, na tangu shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipofungwa mwaka 2025, vikundi vilivyokuwa vikitegemea fedha zake vimeelekea kwenye milango iliyobaki. Ofisa huyo hana uwezo wa kukupa pesa kwa barua moja. Anachoweza kufanya ni kimoja kati ya viwili: kuweka barua kando, au kukujibu, "Tuambieni zaidi." Kazi nzima ya barua ya kwanza ni kupata jibu hilo la pili. Ukiijua kazi hiyo, utajua pia cha kuacha nje.

Anaposoma, anatafuta majibu ya maswali machache sana. Hawa ni nani, na wako wapi? Shida yao iko ndani ya mambo tunayofadhili? Wamekwisha kufanya nini wenyewe? Wanataka kiasi gani, na cha nini hasa? Akilazimika kufika ukurasa wa tatu kabla ya kujua kama ninyi ni wa Kwale au wa Turkana, amekwisha choka.

Sasa sikilizeni mwanzo wa barua ambayo sote tumewahi kuiona kwa namna moja au nyingine: "Sisi ni kikundi kilichosajiliwa chenye lengo la kuinua hali ya maisha ya jamii, kupambana na umaskini, kuwawezesha wanawake na vijana, kuhifadhi mazingira, kuzuia Ukimwi na mimba za mapema, na kuendeleza kilimo na ufugaji wa kisasa." Hakuna uongo hapo. Lengo hilo huenda limenakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye katiba ya kikundi. Lakini ondoa jina la kikundi na barua hiyo inaweza kuwa ya kikundi chochote kati ya Vanga na Moyale. Tena, anayesema anafanya mambo saba humfanya msomaji ashuku kwamba hakuna hata moja linalofanyika.

Linganisheni na jirani zetu wa Gazi, hapa hapa Kwale. Ukitaka kuueleza mradi wa Mikoko Pamoja kwa mtu asiyeujua, unaweza kusema hivi: ni mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wanatunza hekta 117 za mikoko, wanauza hati za hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na mapato yanakwenda kwenye mambo ya kijiji kama maji na shule. Sentensi moja tu, na tayari unawaona watu, mahali, kipimo na kazi. Mradi huo ni mkubwa na ulisaidiwa na wanasayansi, kwa hiyo silinganishi mifuko. Nalinganisha namna ya kusema tu.

Tuchukue mfano tuufanyie kazi pamoja. Ni mfano wa kubuni, lakini mtautambua. Kikundi kiko kaunti ndogo ya Kinango. Kijiji kinategemea silanga moja. Silanga ilijaa tope, wanachama wakachanga, wakaichimbua kwa majembe na mikokoteni. Sasa maji yanakaa muda mrefu zaidi, lakini ng'ombe bado wanaingia ndani kunywa, wanabomoa kingo na kurudisha tope pamoja na samadi. Watu wanateka maji hayo hayo. Kikundi kinataka kuzungushia ua, kuchimba kisima kando ya silanga kitakachofungwa pampu ya mkono, na kujenga hori la kunyweshea mifugo nje ya ua.

Katibu alipoandika mara ya kwanza, aliomba "msaada wa maji safi, pamoja na trekta, ofisi, kompyuta na mafunzo ya uongozi". Wanachama walikaa wakakubaliana wabaki na silanga tu. Kubaki na jambo moja ndiko kugumu kuliko kuandika kwenyewe, kwa sababu kila mwanachama ana shida yake anayotaka itajwe. Hii ndiyo barua yao ilivyokuwa baadaye, nikiacha jina la kikundi na anwani:

"Sisi ni kikundi cha wanachama 28, wanawake 19 na wanaume 9, katika kaunti ndogo ya Kinango, Kaunti ya Kwale. Tunatunza silanga inayotumiwa na kaya zipatazo 140 na mifugo yao.

Mwaka 2023 tuliondoa tope silangani kwa mikono yetu kwa wiki tano. Tulitumia shilingi 84,500. Kati ya hizo, shilingi 72,800 zilitokana na michango ya wanachama ya shilingi 100 kwa wiki kwa wiki 26, na shilingi 11,700 zilitolewa na wanakijiji wengine. Kabla ya hapo maji yalikuwa yakiisha katikati ya Januari. Mwaka 2024 yalifika wiki ya tatu ya Februari.

Shida iliyobaki ni kwamba mifugo huingia majini. Kingo zinabomoka, tope linarudi, na watu wanateka maji yenye samadi. Tunataka kujenga ua wa mita 400, kisima cha kando chenye pampu ya mkono, na hori la mifugo nje ya ua. Gharama yote ni shilingi 690,000. Sisi tutatoa nguvu kazi, nguzo, mawe na mchanga vyenye thamani ya shilingi 110,000. Tunatafuta shilingi 580,000.

Tumesoma kwamba shirika lenu linasaidia miradi midogo ya maji katika maeneo kame ya Pwani. Tunaomba kujua kama kazi hii inaingia katika mpango wenu, na kama mngependa tuwatumie maelezo kamili na makadirio ya gharama. Tuna cheti cha usajili, akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na muhtasari wa kikao cha kijiji kilichokubali silanga izungushiwe ua."

Basi. Chini kuna majina ya mwenyekiti na katibu, na namba mbili za simu. Inatosha ukurasa mmoja na nafasi inabaki.

Angalieni aya ya pili, kwa maana hiyo ndiyo imebeba barua yote. Vikundi vyetu huona haya kutaja michango midogo. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mzungu atajali shilingi mia yetu?" Ofisa wa miradi, awe mzungu au Mdigo, anajali sana. Shilingi mia kwa wiki kwa miezi sita, kwa watu 28, zikakusanywa, zikaandikwa na zikatumika kwa kazi iliyoonekana, zinamwambia kwamba kikundi kina daftari, kina mweka hazina anayeaminiwa, na kinaweza kukaa pamoja bila kugawanyika. Hilo hawezi kulinunua kwa ruzuku. Lazima alikute. Na mahesabu yanajumlika: 28 mara 100 mara 26 ni 72,800. Ofisa atapiga hesabu hiyo. Ikikosea, hatadhani ni bahati mbaya ya kalamu.

Angalieni pia namna walivyopima matokeo. Hawakusema "hali imeboreka sana". Walitaja tarehe ambayo maji yalikuwa yakiisha na tarehe yaliyofika baadaye. Kipimo hicho hakihitaji mtaalamu. Kinahitaji mtu mmoja anayeandika. Mwerevu atauliza kama mvua za vuli za mwaka ule hazikuwa kubwa kuliko kawaida, na huenda zilikuwa. Mkiulizwa, semeni hivyo hivyo. Mwaka mmoja hauthibitishi kitu, lakini unaonyesha kwamba mnafuatilia.

Sasa kiasi cha pesa. Kuna wanaoshauri barua ya kwanza isitaje kiasi, ili usijifungie mlango. Mimi sikubaliani nao. Kila mfuko una kiwango chake cha chini na cha juu, na ofisa asiyejua kama unataka laki tano au milioni hamsini hawezi kujua akupeleke wapi. Taja. Ila kiasi hicho kiwe na uhusiano na pesa mliyowahi kuishika. Kikundi kilichowahi kusimamia elfu themanini kikiomba laki sita, kinaonekana kinapanda ngazi. Kikiomba milioni kumi na mbili, msomaji anajiuliza nani aliye nyuma yake. Na sehemu yenu iwekeni thamani kwa uaminifu. Ikiwa kibarua hapo kijijini analipwa shilingi 500 kwa siku, msiandike 1,500 ili mchango wenu uonekane mnene. Siku ya kutembelewa, swali hilo huulizwa barazani mbele ya watu wote.

Kabla ya kuandika hata neno moja, jueni mnamwandikia nani. Hapa ndipo muda mwingi unapotakiwa kwenda, na ndipo vikundi hutumia muda mdogo zaidi. Ingieni kwenye tovuti ya shirika, kwa simu au saiba, mtafute mambo mawili. La kwanza ni kama wanapokea barua wakati wowote au hufungua dirisha la maombi kwa majira. Wengine husema wazi kwamba hawapokei maombi ambayo hawakuyaalika. Kuwaandikia hao ni kupoteza bando. La pili ni vitu wasivyolipia. Mpango wa ubalozi wa Japani wa ruzuku kwa miradi ya mashinani, kwa mfano, hujenga na kununua vifaa, lakini haulipi mishahara wala gharama za kila siku za kuendesha kikundi. Mkiuandikia mkaomba posho ya mlinzi wa silanga, mmeonyesha kwamba hamkusoma. Kikundi chetu cha mfano kiliweka neno "tumesoma kwamba" kwenye barua, na walikuwa wamesoma kweli. Sentensi hiyo hubadilika kwa kila mfadhili mnayemwandikia. Barua ikitumwa kwa mashirika arobaini ikiwa na maneno yale yale, maofisa huitambua, kwa kuwa wengi wao wanajuana na hukutana kwenye mikutano ile ile. Afadhali barua nne zilizoandikwa kwa kujua.

Lugha ni swali ambalo huulizwa kila mara. Mashirika mengi hutaka Kiingereza. Hata hivyo nashauri muiandike kwanza kwa Kiswahili mkiwa pamoja, isomwe kwa sauti kikaoni, wote wakubali kwamba ndivyo mambo yalivyo, kisha mwalimu au kijana aliyesoma aifasiri. Ikianza kwa Kiingereza, itakuwa barua ya mtu mmoja, na akihamia Mombasa kikundi hakijui kiliahidi nini. Mfasiri naye apewe sharti moja: asiongeze maneno makubwa. Mara nyingi sentensi iliyosema "ng'ombe wanaingia majini" hurudi ikiwa na uwezeshaji, ustahimilivu na uendelevu ndani yake, na ng'ombe hawaonekani tena.

Niende kwenye karatasi, kwa maana ndizo zinazowaangusha watu barua ikishajibiwa. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kikundi kinatakiwa kuwa na watu wasiopungua kumi, na usajili hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo. Ofisi hiyo ni ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo msije kwetu kaunti mkiitafuta. Cheti kina muda wake, angalieni tarehe ya mwisho kabla ya kuandika "tumesajiliwa". Halafu fanyeni jambo dogo ambalo wengi huliruka: wekeni mezani cheti, taarifa ya benki, PIN ya KRA na barua yenu, mlinganishe jina herufi kwa herufi. Cheti kikisema "Kikundi cha Kujisaidia" na benki ikisema "Kikundi cha Wanawake", kwa mfadhili hivyo ni vikundi viwili, na pesa haziwezi kutumwa. Kurekebisha jina benki huchukua vikao, mihtasari na nauli. Afadhali mjue leo.

Lakini karatasi zote hizo msizibandike kwenye barua ya kwanza. Tajeni tu kwamba mnazo. Baruapepe yenye viambatanisho kumi na viwili haifunguki kwenye simu ya ofisa aliye njiani. Tumeni faili moja ya PDF, na kama mna picha, iwe moja inayoonyesha kazi. Picha ya silanga yenye ng'ombe ndani na mama anateka maji kando inatosha, mradi mama huyo ameulizwa akakubali. Watoto msiwapige picha kwa ajili ya kuomba pesa bila ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda, na mashirika mengi yana kanuni zao kali juu ya jambo hilo. Kichwa cha baruapepe kitaje kazi na mahali, kama "Ua na pampu ya silanga, Kinango, Kwale". Kichwa kinachosema "OMBI LA MSAADA" kwa herufi kubwa kimefanana na vingine mia.

Anwani ya baruapepe iwe ya kikundi, na nywila yake ijulikane na watu wawili. Vipo vikundi vilivyojibiwa, na jibu likakaa miezi kadhaa kwenye simu ya kijana aliyekwenda Ughaibuni.

Mkishatuma, subirini wiki tatu au nne, kisha andikeni ukumbusho mmoja mfupi. Mmoja tu. Mkijibiwa kwamba haiwezekani, andikeni shukrani na muulize kama wanajua mwingine anayefadhili kazi ya namna hiyo. Swali hilo limezaa zaidi kuliko barua nyingi, kwa kuwa anayekataa huwa anajua nani anayekubali.

Kuna jambo moja la hatari ambalo lazima nilitaje. Mkishaanza kuandika huku na kule, mtapata simu. Mtu atasema barua yenu imepita, ruzuku ya milioni mbili iko tayari, tumeni shilingi 6,500 kwa M-Pesa za kushughulikia faili. Au atakuja kijana nadhifu mwenye mkoba, awaandikie ombi kwa asilimia kumi ya pesa zitakazotoka, na nusu ya hizo alipwe mapema. Mfadhili wa kweli hatozi ada ili akupe ruzuku, wala haombi PIN ya M-Pesa ya mweka hazina. Na hiyo asilimia kumi ina tatizo jingine: haiwezi kuingia kwenye bajeti ya ruzuku, kwa hiyo italazimika kufichwa kwenye bei ya nyaya au saruji. Mkaguzi akiikuta, atakayejibu ni mwenyekiti na mweka hazina waliotia sahihi. Yule wa mkoba simu yake haitapatikana. Mkipigiwa, kateni, mtafute namba ya shirika kwenye tovuti yake, mpige wenyewe muulize.

Watu wengine huniuliza kama barua inahitaji sahihi ya mwakilishi wadi au muhuri wa ofisi ya gavana. Ya kwanza haihitaji. Barua ya chifu au ya ofisa wa maendeleo ya jamii inaweza kuombwa baadaye, mfadhili akitaka kuthibitisha kwamba mpo. Kwa kazi kama hii ya silanga, zungumzeni pia na ofisi ya maji ya kaunti mapema, kabla ya kuandika bei. Mhandisi anaweza kuwaambia kwamba udongo wa hapo hauruhusu maji kupenya hadi kisima cha kando, na hapo mpango wote utabadilika: huenda mkahitaji bomba lenye chujio kutoka silangani hadi kisimani. Ni bora maneno hayo yatoke kwa mhandisi wetu kuliko kwa mhandisi wa mfadhili.

Na akija kuwatembelea, kwa maana barua nzuri huleta mgeni, msimpikie mbuzi wala kumshonea kanga za sare. Mpelekeni silangani. Mweka hazina awe na daftari mkononi, na wanachama wa kawaida waachwe waseme wenyewe. Atamuuliza mama aliyekaa nyuma kabisa kikundi kilitumia kiasi gani mwaka 2023. Kama barua ilisomwa kwa sauti kikaoni, mama huyo atajibu.

Sasa karibuni kwa maswali, na walio na barua zao hapa wazitoe tuziangalie.